Majina ya Kazi ya Kike na Herufi ya Shwa katika Kitaliani: Tatizo la Mfasiri wa Kiswahili

Mtu asemapo kwa Kiswahili, "Daktari amefika," hajasema lolote juu ya jinsia ya daktari huyo, wala msikilizaji hangojei kuambiwa. Jina "daktari" ni la wote, kiambishi a- ni cha wote, na hata sifa ikifuata, kama vile daktari mwema au daktari mchovu, haitoi habari. Habari hiyo ikitakiwa hutafutwa mahali pengine: katika jina la mtu, katika neno Bibi au Bwana, au kwa kuongeza maneno "wa kike" na "mwanamume". Yako majina machache ya kazi ambayo kwa desturi huwaelekea wanawake, kama mkunga, kungwi na yaya, lakini hayo ni mambo ya desturi wala si ya sarufi. Mkunga wa kiume akipatikana, sarufi ya Kiswahili haitashtuka.

Kitaliani hakimpi msemaji ruhusa hiyo ya kunyamaza. Majina yake yote yamegawanyika katika jinsia mbili, ya kiume na ya kike, na jinsia ya jina huenea katika sentensi. Sentensi ile fupi ya Kiswahili itakuwa ama "È arrivato il medico", ama "È arrivata la dottoressa". Jinsia imetajwa mara tatu: katika kitenzi, katika neno dogo litanguliapo jina, na katika jina lenyewe. Mfasiri atokaye Kiswahili kwenda Kitaliani analazimika kusema jambo ambalo mwandishi hakulisema, na pengine hakulifikiri kabisa. Tatizo hili ni la zamani, lakini siku hizi limezidi uzito kwa sababu Waitaliani wenyewe wanabishana juu ya njia ya kulitatua, na kila njia anayoichukua mfasiri husomwa kama kwamba amejiunga na upande mmoja wa ubishi huo.

Yafaa kwanza kutazama jinsi majina ya kazi yanavyoundwa, kwa maana sarufi yenyewe haina ugumu mkubwa. Jina la kiume lenye kuishia -o hugeuka kuwa -a: "maestro", mwalimu wa kiume, na "maestra", mwalimu wa kike. Lenye kuishia -iere huwa -iera, kama "infermiere" na "infermiera", muuguzi. Lenye -tore huwa -trice: mkurugenzi ni "direttore" akiwa mwanamume na "direttrice" akiwa mwanamke. Kisha yako majina yasiyobadilika katika umoja, nayo ni rafiki wa kweli wa mfasiri wa Kiswahili: "insegnante" (mwalimu), "giudice" (hakimu), "autista" (dereva), "giornalista" (mwandishi wa gazeti), na "presidente", ambalo hutumika kwa rais, kwa mwenyekiti, na hata kwa spika wa bunge. Katika hayo neno dogo la mbele, "il" au "la", ndilo lifichualo. Na jina likianza kwa irabu, neno hilo hukatwa likawa "l'", na siri hubaki siri: "l'insegnante", "l'autista".

Mwisho -essa ni jambo la pekee. Maneno "dottoressa", "professoressa" na "studentessa" yamekwisha kukubaliwa, na hakuna ayaonaye kuwa na kasoro. Lakini "presidentessa" zamani lilikuwa na maana ya mke wa rais, na mengine ya namna hiyo, kama "medichessa", yalitumika kwa mzaha au dharau. Mfasiri asiyejua historia hii huona kwamba -essa ni njia rahisi ya kumtambulisha mwanamke, akajikuta amemdhihaki mtu ambaye mwandishi wa Kiswahili alimheshimu.

Ugumu basi umo katika mazoea. Kwa kazi zilizokuwa wazi kwa wanawake tangu zamani, hakuna Mtaliani aliyebisha: mwalimu wa shule ya msingi ni "maestra", mfanyakazi wa kiwandani ni "operaia", muuguzi ni "infermiera". Ubishi huanza pale cheo kinapopanda. Sheria ya mwaka 1963 ndiyo iliyowafungulia wanawake wa Italia milango ya uhakimu, na waziri wa kwanza mwanamke, Tina Anselmi, aliteuliwa mwaka 1976. Kwa hiyo maneno kama "ministra" (waziri), "sindaca" (meya), "avvocata" (wakili) na "ingegnera" (mhandisi) husikika masikioni mwa wengi kama mageni, ingawa yameundwa kwa kanuni ile ile iliyounda "maestra" na "infermiera". La ajabu ni kwamba "avvocata" si neno jipya hata kidogo, maana kwa karne nyingi Wakatoliki wa Italia wamemwita Bikira Maria kwa neno hilo katika sala.

Mwaka 1987 ofisi ya Waziri Mkuu wa Italia ilichapisha kazi ya Alma Sabatini juu ya ubaguzi wa jinsia katika lugha ya Kitaliani. Kazi hiyo ilipendekeza kwamba mwanamke aitwe kwa jina la kike la kazi yake, likiundwa kwa kanuni za kawaida, na kwamba maneno mapya ya -essa yaepukwe. Accademia della Crusca, ile taasisi ya lugha iliyoanzishwa Firenze katika karne ya kumi na sita, nayo imeunga mkono majina ya kike ya kazi. Hata hivyo wako wanawake wasioyataka. Mwezi Oktoba 2022 Giorgia Meloni aliposhika uwaziri mkuu, ofisi yake ilimtaja kwa jinsia ya kiume, "il Presidente del Consiglio". Na mwezi Machi 2021, katika tamasha la nyimbo la Sanremo, Beatrice Venezi, mwongoza okestra, alisema hadharani kwamba yeye ni "direttore", si "direttrice". Mtu aliye hai akiwa amejichagulia jina lake rasmi, mfasiri wa hati ya serikali hana mamlaka ya kumbadilishia. Lakini huo ni uamuzi wa watu wachache waliosema wenyewe. Mwanamke wa Kiswahili aliye mhandisi, ambaye hajasema lolote, asitiwe katika jinsia ya kiume kwa sababu tu mwanamke mwingine huko Roma alipenda hivyo. Akijulikana kuwa mwanamke, ni "ingegnera".

Hayo yote yahusu mtu ambaye jinsia yake yajulikana. Shwa imeletwa kwa ajili ya yule asiyejulikana, kwa kundi lenye wanaume na wanawake pamoja, na kwa wale wasiojihesabu kuwa wanaume wala wanawake. Kwa desturi ya zamani Kitaliani hutumia jinsia ya kiume katika hali hizo zote: wanawake tisini na tisa wakichanganyika na mwanamume mmoja, kundi zima huwa la kiume. Wasioridhika na desturi hiyo walijaribu kwanza kuweka nyota mahali pa irabu ya mwisho, lakini nyota haitamkiki. Tangu mwaka 2015 Luca Boschetto alieneza pendekezo la kutumia herufi ə, yaani e iliyopinduliwa, na baadaye mwanaisimu Vera Gheno aliijulisha kwa watu wengi. Na nyumba ya uchapishaji iitwayo effequ ikaanza kuitumia katika baadhi ya vitabu vyake. Kwa kanuni hiyo "maestro" na "maestra" hukutana katika "maestrə", na "il" na "la" hukutana katika "lə".

Sauti ya herufi hiyo ni irabu fupi, isiyo na nguvu, itamkwayo katikati ya kinywa ulimi ukiwa umepumzika. Kiswahili, chenye irabu zake tano zilizo wazi, hakina sauti hiyo. Kitaliani sanifu nacho hakina. Lakini lahaja za kusini mwa Italia zinayo tele. Mtu wa Napoli asemapo lahaja ya kwao huzimeza irabu nyingi za mwisho wa maneno mpaka zikawa shwa tupu, bila kukusudia usawa wa aina yoyote kati ya wanaume na wanawake. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba Kiswahili hufundishwa katika chuo kikuu cha L'Orientale katika mji huo huo, ambako mwanafunzi hutoka barabarani penye shwa zisizohesabika, akaingia darasani kujifunza lugha isiyo na shwa wala jinsia.

Pendekezo hili limepingwa vikali. Mwezi Septemba 2021 Paolo D'Achille aliandika kwa niaba ya Crusca kwamba shwa si miongoni mwa sauti za Kitaliani, na kwamba wingi wa kiume watosha kuwakusanya wote. Mwezi Februari 2022 Massimo Arcangeli alianzisha ombi la hadharani la kuipinga, lililotiwa saini na wataalamu wengi wa lugha na waandishi. Mwezi Machi 2023 Crusca iliijibu kamati ya usawa ya Mahakama ya Rufani ya Juu ya Italia kwamba nyota na shwa zisitumike katika lugha ya sheria, bali majina ya kike ya kazi yatumike bila kusita. Na mwezi Machi 2025 wizara ya elimu ikazikumbusha shule kutotumia alama hizo katika barua zao rasmi. Basi mambo mawili ambayo wasomaji wengi huyachanganya, yaani majina ya kike ya kazi na shwa, yametenganishwa na wataalamu wenyewe: la kwanza limekubaliwa, la pili limekataliwa katika maandishi rasmi.

Mswahili aionapo shwa kwa mara ya kwanza huelekea kufurahi. Hudhani kwamba hatimaye Kitaliani kimepata kile ambacho Kiswahili kimekuwa nacho siku zote, na kwamba "daktari" sasa anaweza kuwa "lə medicə" pasipo kupunguza wala kuongeza. Dhana hiyo yaonekana sawa, nayo ni makosa. Neno "daktari" halionyeshi jinsia kwa kuwa hakuna neno lolote la Kiswahili lionyeshalo jinsia kwa kiambishi. Ukimya wake hausikiki. Neno "medicə" haliwezi kunyamaza hivyo. Msomaji wa Kitaliani alionapo husimama, hutazama herufi, na hujiuliza kwa nini mwandishi ameitumia. Humdhania kuwa mwanaharakati, au humdhania mtu anayetajwa kuwa si mwanamume wala si mwanamke, au huona kwamba jambo fulani linafichwa kwa makusudi. Mwandishi wa Kiswahili hakusema hata moja katika hayo matatu. Hivyo shwa haikurudisha ukimya wa asili. Imeweka sauti kubwa mahali palipokuwa kimya.

Mfano mmoja ukitazamwa kwa makini utaonyesha uzito wa jambo hili. Mtu aombaye hifadhi nchini Italia huhojiwa mbele ya kamati iitwayo Commissione territoriale, na maneno yake hufasiriwa na mkalimani na kuandikwa katika kumbukumbu. Kumbukumbu hiyo husomwa tena na tena, na maneno yakipingana, muombaji hudhaniwa kuwa mwongo. Tuseme mwanamke mmoja anaeleza hivi kwa Kiswahili:

"Nilipofika hospitali nilimkuta daktari wa zamu. Akaniuliza nani amenipiga. Muuguzi alikuwa akiandika. Baadaye akaja mkuu wa kituo, akamwambia daktari asinipe karatasi. Daktari akakataa, akanipa."

Katika maneno hayo wamo watu watatu mbali na msemaji, na hapana hata mmoja ambaye jinsia yake imetajwa. Mkalimani mwenye haraka atasema: "Ho trovato il medico di turno", yaani daktari mwanamume, "l'infermiere scriveva", muuguzi mwanamume, "è arrivato il comandante", mkuu mwanamume, "il medico ha rifiutato", daktari yule yule mwanamume akakataa. Kila sentensi ni Kitaliani safi, na mkalimani hakuona kwamba ameongeza neno. Lakini baada ya nusu saa mwanamke yule anasema, "Yule mama alinishika mkono, akaniambia, mwanangu, mimi nami nina binti kama wewe." Yule mama ni nani? Ni daktari. Karani ameandika "il medico", na sasa anaandika "quella signora". Mjumbe wa kamati anauliza kwa nini hapo kwanza ilisemwa kuwa daktari ni mwanamume. Mwanamke haelewi swali, kwa sababu yeye hakusema hivyo kamwe. Jibu lake huandikwa kuwa la kubabaika.

Shwa isingemwokoa. Mkalimani hutumia kinywa. Akisema "medicə" Mtaliani wa kaskazini atasikia neno lililokatwa mwisho, naye atakamilisha mwenyewe kama apendavyo. Karani hawezi kuiandika katika hati ya serikali. Na hata angeiandika, "lə medicə" lingeibua maswali mapya: je, shahidi anamficha daktari huyo? Neno "comandante" nalo lingebaki vile vile lilivyo, maana halina mwisho wa kubadilishwa, na hivyo watu wawili katika sentensi moja wangeonekana kutajwa kwa taratibu mbili tofauti.

Njia inayofaa ni ya kawaida zaidi. Mkalimani si mhoji, wala hana haki ya kuuliza maswali yake mwenyewe; lakini anayo haki, na kwa kweli ni wajibu wake, kuieleza kamati mapema kwamba katika Kiswahili majina ya kazi na viwakilishi vya nafsi ya tatu havitaji jinsia, na kwamba kila "il" atakayoitamka ni ya sarufi ya Kitaliani, si ya shahidi. Hapo kamati yenyewe itauliza: daktari huyo alikuwa mwanamume au mwanamke? Swali hilo dogo humaliza taabu yote. Jibu likiwa "mwanamke", kumbukumbu itaandika "la dottoressa", ambalo ndilo neno Waitaliani wamwitalo daktari wa kike kila siku. "Medica" nalo ni sahihi, ila ni la kimaandishi zaidi. Na pale shahidi asipojua, kwa mfano muuguzi aliyekuwa amejifunika uso kwa barakoa, karani anaweza kuongeza maneno haya baada ya jina mara ya kwanza: "nella lingua della dichiarante il termine non indica il sesso", yaani katika lugha ya msemaji neno hili halionyeshi jinsia. Si maneno ya kupendeza, lakini ni ya kweli, nayo yatakuwapo hati itakaposomwa na hakimu ambaye hakuwapo siku ile.

Izingatiwe pia kwamba neno la kwanza kabisa la ushahidi ule, "nilipofika", lina mtego wake. Kwa Kitaliani hata nafsi ya kwanza hufichua: "quando sono arrivata" kwa mwanamke, "arrivato" kwa mwanamume. Mkalimani humwona msemaji mbele yake, kwa hiyo hatatizwi. Lakini mfasiri aliyepewa barua iliyotiwa saini kwa herufi mbili tu hana budi kuukwepa muundo huo, labda kwa kuandika "al mio arrivo in ospedale", yaani wakati wa kufika kwangu hospitali.

Ukwepaji wa namna hii ndio ustadi hasa ambao mfasiri wa Kiswahili anapaswa kujizoeza, nao hufanya kazi nyingi ambazo shwa hutumwa kuzifanya. Kitaliani, kama Kiswahili, huweza kuacha kiwakilishi cha mtendaji, na vitenzi vyake katika nyakati nyingi havina jinsia. Jinsia huingia hasa kwa sifa na kwa vile vitenzi vya wakati uliopita vyenye "essere". "Era stanco" hufichua, "non aveva più forze", hakuwa na nguvu tena, halifichui. "È arrivata" hufichua, "arrivò" halifichui. Neno "persona" ni la kike kisarufi kwa kila mtu, hata kwa askari mwenye ndevu, na kwa hiyo halisemi lolote. Na neno "chi", yaani yule ambaye, ni hazina kubwa.

Mtungaji wa hadithi za upelelezi huonyesha faida ya hazina hii. Mwandishi wa Kiswahili aweza kuanza na sentensi, "Muuaji alikaa katika chumba cha mbele, akanywa kahawa," na msomaji akafika sura ya mwisho bila kujua kama muuaji ni mume au mke wa marehemu. Mfasiri akiandika "l'assassino", amekwisha kuwatoa wanawake wote katika orodha ya watuhumiwa, au angalau ndivyo msomaji mwerevu atakavyodhani. Akiandika "l'assassina", hadithi imekwisha kabla haijaanza. Akiandika "l'assassinə", msomaji atajua mara moja kwamba jinsia ndiyo siri ya kitabu. Lakini Kitaliani kina neno "omicida", lisilobadilika katika umoja, tena lianzalo kwa irabu. "L'omicida sedeva nella stanza davanti e beveva il caffè" ni sentensi iliyo kimya sawasawa na ile ya Kiswahili. Tangu hapo mfasiri hana budi kuangalia kila sifa na kila "lo" na "la" mpaka mwisho wa kitabu, kwa kuwa kosa moja katika ukurasa wa mia moja huharibu yote.

Wingi una taabu zake. "Walimu" ni rahisi: "insegnanti" au "docenti". "Wauguzi" si rahisi, kwa sababu "infermieri" ni wanaume, au wanaume na wanawake pamoja, na wanawake watupu ni "infermiere", neno linalofanana herufi kwa herufi na umoja wa kiume. Tofauti kati ya "l'infermiere", muuguzi mmoja mwanamume, na "le infermiere", wauguzi wengi wanawake, ni irabu moja tu ya neno la mbele. Katika kanuni na matangazo, njia nzuri ni kutaja wote wawili mara ya kwanza, "infermieri e infermiere", kisha kutumia jina la jumla, "il personale infermieristico". Njia hiyo isipelekwe katika riwaya. Pale ambapo mwandishi amesema wauguzi walicheka, haifai kusema watumishi wa uuguzi walicheka. Watu wamegeuka idara.

Shwa nayo, hata kwa aipendaye, hulegea hapo hapo palipo na haja. Kwa majina ya -o na -a inafaa, lakini "direttore" na "direttrice" hayatofautiani kwa irabu ya mwisho tu. Umbo "direttorə" limejengwa juu ya shina la kiume, na anayelisoma husikia mwanamume aliyekatwa mwisho. Katika "medicə" msomaji hajui kama c isomwe kama k, kwa kufuata umoja, au kama ch ya wingi wa kiume "medici". Haya si makosa madogo ya uandishi, maana yanayagusa majina ya kazi yatumikayo kuliko mengine.

Isidhaniwe kwamba shwa haina mahali pake. Tuseme mwandishi wa Kiswahili anaeleza waziwazi juu ya mtu asiyejiita mwanamume wala mwanamke, au kijikaratasi cha wanaharakati kimeandikiwa wasomaji wa Italia ambao wenyewe hutumia herufi hiyo, au mchapishaji ameifanya kuwa kanuni ya nyumba yake. Hapo sauti ile kubwa ndiyo inayotakiwa, na kuizima kungekuwa kosa. Jambo la kuuliza ni moja tu: je, kimya cha matini ya Kiswahili ni cha kawaida, au mwandishi amekikusudia?

Kinyume chake hutokea pia, nacho husahauliwa. Mara nyingine Kiswahili hutaja jinsia kwa nguvu, na Kitaliani huimeza. Kwa kuwa mwandishi wa Kiswahili halazimiki kusema "mwanamke", anapolisema huwa na sababu. "Mwalimu wa kike" katika orodha ya shule yatosha kuwa "maestra". Lakini "Alikuja daktari, tena daktari mwanamke" haitoshi kuwa "dottoressa", kwa maana Mtaliani husema "dottoressa" kila siku bila kushangaa, na mshangao wa Mswahili utapotea. Hapo ni "un medico, e per di più una donna". Vivyo hivyo habari kwamba Samia Suluhu Hassan, aliyeapishwa tarehe 19 Machi 2021, ni rais wa kwanza mwanamke wa Tanzania. Mfasiri akiridhika na "la prima presidente della Tanzania", msomaji asiyeijua nchi hiyo aweza kudhani kwamba kabla yake hapakuwa na rais yeyote. Aandike "la prima donna presidente della Tanzania", au "la prima donna alla presidenza". Katika sentensi zifuatazo "la presidente" itatosha, kwa kuwa "la" imekwisha kusema yote. Na gazeti la Kiswahili likimwita "Mama Samia", mfasiri asikimbilie "mamma Samia", ambayo kwa Mtaliani ni ya jikoni na ya watoto. Heshima iliyomo katika neno Mama haiingii katika jinsia ya sarufi, na itambidi airudishe kwa "la presidente" au aliache neno "Mama" lilivyo, kwa herufi kubwa.